Kuvunja muhtasari wa ngazi nyingi kuwa slaidi za wazo moja moja

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, na ndugu zangu wote mliohudhuria,

Nimeombwa nizungumzie uandaaji wa slaidi, nami nimeomba ruhusa ya kuipunguza mada hiyo mpaka ibaki sehemu moja tu, kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo naona kazi nyingi nzuri zikiharibikia. Mtu ameketi, amefikiri, ameandika muhtasari wa yale atakayoyasema: hoja kuu zimeanzia ukingoni mwa ukurasa, hoja ndogo zimesogezwa ndani chini yake, na nyingine ndogo zaidi zimesogezwa ndani tena. Muhtasari wenyewe hauna kasoro. Kisha mtu huyo anafungua programu ya slaidi na kuunakili kama ulivyo. Kila tawi kubwa linakuwa slaidi moja yenye kichwa cha neno moja au mawili, mistari kumi na miwili inajipanga chini yake, na kazi inahesabiwa kuwa imekwisha. Leo nataka tuone njia ya kutoka kwenye muhtasari wa namna hiyo hadi kwenye slaidi ambazo kila moja inabeba wazo moja na kichwa kifupi. Nitadai kwamba kazi hiyo si ya kukata karatasi ndefu vipande vipande. Ni kazi ya kuyatafuta mawazo yaliyozama chini ya muhtasari na kuyapandisha juu.

Tuanze na kile ambacho muhtasari unakificha. Mstari uliosogezwa ndani unamwambia msomaji jambo moja tu, kwamba unahusiana na mstari ulio juu yake. Haumwambii unahusianaje nao. Huenda ni sababu ya jambo la juu, huenda ni mfano wake, au sharti lake, au matokeo yake, au hata pingamizi dhidi yake. Mwandishi anaufahamu uhusiano huo, na kwa kuwa anaufahamu, haoni haja ya kuuandika. Msomaji aliyetulia na karatasi mkononi anaweza kurudi nyuma, akalinganisha mistari, akaukisia. Mtu aliyeketi ukumbini hana nafasi hiyo, kwa sababu wakati anajaribu kusoma mistari kumi na miwili kuna sauti inayomtaka asikilize, na hakuna anayeweza kusoma sentensi moja na kusikiliza nyingine kwa wakati uleule akazielewa zote mbili vizuri.

Madhara yake si ya kukisia. Tarehe 16 Januari 2003 chombo cha anga cha Columbia kilirushwa, na muda mfupi baada ya kuondoka, kipande cha povu la kuhami joto kilibanduka kutoka kwenye tangi la nje na kulipiga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi walitayarisha slaidi za kueleza kama pigo hilo lingeweza kuwa limeleta madhara makubwa. Mojawapo ya slaidi hizo ilichapishwa baadaye ndani ya ripoti ya bodi iliyochunguza ajali ile. Kichwa chake ni kirefu na kinatuliza moyo, kwani kinasema kwamba data za majaribio zinaonyesha kuwa makadirio yalifanywa kwa tahadhari. Chini ya kichwa kuna vidokezo ndani ya vidokezo. Mwishoni kabisa mwa slaidi, katika ngazi ya chini, ndipo palipoandikwa kwamba kipande kinachozungumziwa kina ujazo wa inchi za ujazo 1920, ilhali kile kilichotumika kwenye majaribio kilikuwa na ujazo wa inchi za ujazo 3.

Hiyo ni tofauti ya mara 640. Maana yake ni kwamba majaribio yaliyotajwa katika kichwa cha slaidi hayakuwa na uwezo wa kujibu swali lililoulizwa. Tarehe 1 Februari 2003 Columbia kilivunjika kikiwa njiani kurejea ardhini, na watu wote saba waliokuwamo walikufa. Maamuzi ya siku zile yalikuwa na sababu nyingi, na haitakuwa haki kuitwika slaidi moja mzigo wote. Hata hivyo bodi yenyewe iliandika kwamba ni rahisi kuelewa jinsi kiongozi mwandamizi angeweza kuisoma slaidi ile bila kutambua kuwa inahusu hali ya kutishia maisha. Jambo zito kuliko yote lilikuwa limeandikwa, tena kwa usahihi, lakini lilikuwa limeandikwa chini ya kila kitu kingine. Kama mstari ule wa mwisho ungepandishwa ukawa kichwa cha slaidi inayojitegemea, ungeweza kusema tu, «Majaribio hayakufikia ukubwa huu», na chini yake zikakaa namba mbili, 1920 na 3, pasipo kitu kingine.

Sasa tuchukue muhtasari wa kawaida, wa jambo lisilo na uzito wa namna ile, tuuvunje pamoja hatua kwa hatua. Tuseme mtu anataka kuishawishi ofisi yake ibadilishe namna inavyohifadhi nakala rudufu za faili zake. Ameandika hivi:

```
- Nakala rudufu
  - Hali ilivyo
    - Nakala moja tu, kwenye diski ya nje
      - diski iko chumba kimoja na seva
      - hunakiliwa kila Ijumaa jioni
        - kazi ya siku tano inaweza kupotea
    - Urejeshaji haujajaribiwa
  - Mapendekezo
    - Nakala tatu, hifadhi aina mbili, moja nje ya jengo
    - Kunakili kila usiku
    - Jaribio la kurejesha kila mwezi
      - faili kumi, zichaguliwe ovyo
  - Gharama na wahusika
```

Hatua ya kwanza, kabla hata ya kugusa programu ya slaidi, ni kuandika neno la kiungo mbele ya kila mstari uliosogezwa ndani: kwa sababu, kwa hiyo, kwa mfano, ikiwa, isipokuwa, kisha. Zoezi hili linaonekana dogo, na watu wengi wataliruka wakidhani wanaweza kulifanya kichwani. Nawasihi mlifanye kwa kalamu. Tukilifanya hapa, tunagundua mara moja kwamba mbele ya «Hali ilivyo» hakuna kiungo kinachokaa. Huwezi kusema «nakala rudufu, kwa sababu hali ilivyo». Mstari huo hausemi lolote. Ni lebo ya sanduku, na lebo ya sanduku haistahili slaidi yake. Vivyo hivyo «Mapendekezo». Vivyo hivyo «Gharama na wahusika», ambayo ina hitilafu kubwa zaidi, kwa kuwa sanduku lenyewe halina kitu ndani, nasi tutairudia baadaye.

Tukishuka kwenye mistari miwili iliyo chini ya «Nakala moja tu», mambo yanakuwa ya kuvutia. Muhtasari umeiweka sambamba, kana kwamba ni ndugu wa baba mmoja: diski iko chumba kimoja na seva, na kunakili hufanyika kila Ijumaa jioni. Tukiviweka viungo tunaona kwamba kila mmoja unaelekea upande wake. Wa kwanza unahusu mahali: moto ukizuka katika chumba kile, au maji yakiingia, au mwizi akivunja mlango, faili na nakala yake vinaondoka pamoja. Wa pili unahusu muda: seva ikifa Ijumaa mchana, kabla ya kunakili, yote yaliyofanywa tangu Jumatatu yamepotea, hata kama diski iko salama kabisa. Dawa ya hatari ya kwanza haiponyi ya pili. Ofisi inayonakili kila usiku kwenye diski iliyo mezani pale pale bado inaweza kuteketea yote, na ofisi inayopeleka diski mbali mara moja kwa wiki bado inaweza kupoteza wiki nzima. Kwa hiyo hizi ni slaidi mbili.

Tazameni pia mstari ulioingia ndani kuliko yote, ule unaosema kazi ya siku tano inaweza kupotea. Kiungo chake na mstari wa juu ni «kwa hiyo», na penye «kwa hiyo» ndipo pa kutua na kufikiri. Yule anayesikiliza hajali sana kwamba kunakili ni Ijumaa. Anajali kwamba anaweza kupoteza kazi ya siku tano. Mstari ulioko chini kabisa ndio wazo, na ule ulioko juu yake ndio ushahidi. Tunaugeuza mpangilio: kichwa kinakuwa «Tunaweza kupoteza kazi ya siku tano», na kwenye mwili wa slaidi tunachora mstari wa siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, na alama moja inayoonyesha saa ya kunakili. Hilo nimeliona katika mihtasari mingi kiasi kwamba sasa huanza kusoma kutoka ndani kwenda nje. Mwandishi anapofikiri, huanza na ukweli anaoujua na kushuka polepole kuelekea maana yake, na anapofika kwenye maana amekwisha kusogea ndani mara nne.

Mahali hapa mtu huuliza, na ana haki ya kuuliza, atajuaje kwamba alichonacho ni wazo moja wala si mawili. Kipimo ninachokitegemea ni hiki: je, msikilizaji mwenye akili timamu anaweza kukubali nusu yake na kukataa nusu nyingine? Kama anaweza, hayo ni mawazo mawili, na yakikaa kwenye slaidi moja utajikuta ukitetea moja huku yeye akipinga jingine. Mtu anaweza kukubali kwamba diski ihamishwe na akakataa kwamba kunakili kufanyike kila usiku, kwa hiyo tunayatenganisha. Lakini mtu hawezi kukubali Jumatatu na kukataa Jumanne katika mchoro wa siku tano; mchoro ule ni wazo moja ingawa una vitu vitano ndani yake.

Kipimo hichohicho kinatuonya tusivunje kupita kiasi, kwa maana kosa hilo nalo lipo. Ulinganisho wa vitu viwili ni wazo moja, na ukiweka kitu kimoja kwenye slaidi hii na mwenzake kwenye slaidi inayofuata, msikilizaji analazimika kukumbuka cha kwanza wakati anatazama cha pili, na ulinganisho unakufa. Zile namba mbili, 1920 na 3, zikitenganishwa hazisemi kitu. Vilevile hatua za kazi ambazo maana yake iko katika kufuatana kwake zinapaswa kuonekana zote kwa pamoja angalau mara moja, hata kama baadaye kila hatua itapata slaidi yake. Anayevunja kila mstari kuwa slaidi kwa sababu tu ameambiwa avunje, amehamisha mzigo kutoka kwenye macho ya msikilizaji na kuutwika kwenye kumbukumbu yake.

Turudi kwenye muhtasari wetu, upande wa mapendekezo. Pendekezo la kwanza ni kanuni inayofahamika kwa wote wanaotunza data: nakala tatu ukihesabu na ile ya asili, katika aina mbili za hifadhi, na moja kati ya hizo iwe nje ya jengo. Je, ni wazo moja au matatu? Kama kanuni, ni moja. Lakini hotuba hii haifundishi kanuni. Inaiomba ofisi ifanye jambo fulani kwa sababu ya hatari fulani. Hatari iliyotajwa ni kwamba kila kitu kiko chumba kimoja. Sehemu ya kanuni inayoijibu hatari hiyo ni ile ya mwisho tu. Aina mbili za hifadhi ni ushauri mwema, lakini hakuna mstari wowote upande wa hatari unaouhitaji, hivyo unakwenda kwenye maelezo ya mzungumzaji, usubiri swali. Kichwa kinabaki «Nakala nyingine ikae nje ya jengo». Maneno «faili kumi, zichaguliwe ovyo» nayo hayastahili slaidi yake peke yake. Ni kipimo kinacholifanya pendekezo lishikike, kwa hiyo kumi inapanda kwenye kichwa na namna ya kuchagua inatamkwa kwa mdomo.

Kila mstari wa muhtasari, basi, una mahali pane pa kwenda. Unaweza kuwa kichwa cha slaidi, unaweza kuwa ushahidi chini ya kichwa, unaweza kuwa jambo la kutamkwa tu, au unaweza kuachwa. Ugumu uko kwenye lile la tatu. Watu huogopa kwamba kisichoonekana kwenye kioo kimesahauliwa, na ndiyo maana wanavirundika vyote. Maelezo ya mzungumzaji yapo kwa ajili ya hofu hiyo. Kinachokusaidia wewe kukumbuka kikae pale unapokiona wewe peke yako.

Kuna uamuzi mmoja zaidi wa mpangilio. Muhtasari umeweka hatari zote pamoja na mapendekezo yote pamoja, na kwenye karatasi hilo linapendeza kwa sababu jicho linaruka kwa urahisi kutoka safu moja hadi nyingine. Kwenye slaidi zinazopita moja moja, pendekezo la kwanza litafika baada ya hatari ya tatu, na msikilizaji atakuwa amekwisha kuisahau ya kwanza. Mimi ningeoanisha: hatari na dawa yake, hatari na dawa yake. Ningeacha mpangilio wa zamani kama dawa moja ingeponya hatari zote tatu, maana hapo hatari zinahitaji kulundikana kwanza ili dawa ipate uzito.

Sasa vichwa. Nimesema kichwa kifupi, nami nina maana ya kichwa kinachotosha mstari mmoja kwenye kioo bila kupunguzwa ukubwa wa herufi, jambo ambalo kwa Kiswahili huwa ni maneno manne hadi saba. Lakini ufupi peke yake si sifa. «Gharama» ni kichwa kifupi kuliko vyote na hakisemi kitu. Kichwa kinachofaa kina kitenzi, na kinadai jambo ambalo mtu anaweza kulikubali au kulikataa. Lugha yetu inatupa wepesi mkubwa hapa, kwa kuwa kitenzi kimoja kinabeba mtenda, wakati na tendo ndani yake, na «Hatujawahi kujaribu kurejesha faili» ni dai kamili kwa maneno manne. Kinachotuponza ni mazoea ya uandishi wa kiofisi, yale ya kugeuza kila kitenzi kuwa nomino na kuzifunga nomino hizo kwa mlolongo wa «wa» na «ya». Mtu anaandika «Changamoto ya ukosefu wa utaratibu wa majaribio ya urejeshaji wa faili», kichwa kinajaza mistari miwili, na baada ya yote hayo hatujui nani hakufanya nini. Ukikuta viunganishi vya namna hiyo zaidi ya viwili katika kichwa kimoja, tafuta kitenzi kilichofukiwa humo, kitoe, ukipe mtenda wake.

Dalili nyingine ni neno «na». Kama «na» inaunganisha madai mawili, kwa mfano «Nakala ziko karibu mno na hazijajaribiwa», slaidi hiyo ina mawazo mawili na inataka kupasuliwa. Lakini tusiikimbilie kila «na» kwa kisu. Katika «Seva na nakala viko chumba kimoja» inaunganisha vitu viwili vinavyohitaji kuwa pamoja ili dai liwe na maana, na ukivitenganisha hubaki na chochote. Dalili ya tatu ni kichwa kinachorudiwa kikiongezewa «inaendelea» au namba 2 mwishoni. Hapo mwandishi amevunja kwa kufuata urefu, kwa kuwa nafasi ilimwishia, na slaidi ya pili haina wazo lake yenyewe. Dawa ni kuuliza slaidi hiyo ya pili inadai nini ambacho ya kwanza haikudai. Ikiwa jibu halipo, haihitajiki.

Niseme kidogo kuhusu zana, kwa sababu zina tabia zinazoweza kumponza asiyezijua. Katika PowerPoint, ukiwa kwenye mwonekano wa muhtasari, kitufe cha `Tab` kinausogeza mstari ndani na `Shift+Tab` kinaurudisha nje. Mstari wa ngazi ya kwanza ukirudishwa nje mara moja zaidi unakuwa kichwa cha slaidi mpya. Angalieni, hata hivyo, kwamba mistari yote iliyokuwa ikiufuata katika slaidi ile ya zamani inaandamana nao na kuwa mwili wa slaidi mpya, ikiwemo ile isiyohusiana nao. Fanyeni kazi kutoka chini kwenda juu, na hilo halitawasumbua. Tabia nyingine ni programu kujipunguzia herufi yenyewe maandishi yanapozidi nafasi. Wengi wanaiona kuwa msaada. Naichukulia kama kengele, kwa maana herufi zinapoanza kupungua ndipo slaidi inapokuwa imepokea wazo la pili.

Wanaoandika kwa maandishi matupu na kuyageuza kuwa slaidi kwa programu ya Pandoc wanapaswa kujua kwamba vidokezo vilivyopangwa ndani ya vidokezo havigeuki kuwa slaidi hata kidogo. Vinabaki orodha ndefu ndani ya slaidi moja, na ikizidi nafasi inamwagika nje ya ukingo wa chini. Kinachoanzisha slaidi ni kichwa cha ngazi iliyochaguliwa. Kwa hiyo kila mstari mliouteua kuwa wazo unageuzwa kuwa kichwa cha ngazi ya pili, na maelezo yake yanafungiwa mahali pake:

```
## Tunaweza kupoteza kazi ya siku tano

![](siku-tano.png)

::: notes
Kunakili ni Ijumaa jioni tu.
Seva ikifa mchana, wiki nzima imekwenda.
:::
```

Kisha amri ni `pandoc hotuba.md -o hotuba.pptx --slide-level=2`. Vichwa vya ngazi ya kwanza vitakuwa slaidi za kutenganisha sehemu. Kwa hotuba ya slaidi saba au nane sioni haja navyo. Kwa hotuba ya saa nzima vinasaidia, kwa sababu tukishaiondoa ngazi ya muhtasari kwenye slaidi, msikilizaji anahitaji mahali pa kujua amefika wapi.

Baada ya kuvunja, kazi inayobaki ni kusoma vichwa peke yake, kwa sauti, kimoja baada ya kingine, bila kutazama kilichomo chini yake. Vya mfano wetu vinasomeka hivi: Seva na nakala viko chumba kimoja. Nakala nyingine ikae nje ya jengo. Tunaweza kupoteza kazi ya siku tano. Nakala zichukuliwe kila usiku. Hatujawahi kujaribu kurejesha faili. Kila mwezi turejeshe faili kumi. Hapa lebo iliyobaki tupu, «Gharama na wahusika», inatudai haki yake, na tunapotafuta sentensi ya kuiweka mahali pake tunagongana na jambo ambalo muhtasari ulilifunika vizuri sana. Nakala moja ikae nje ya jengo. Nakala zichukuliwe kila usiku. Nani, basi, ataibeba diski kila usiku kutoka ofisini hadi huko nje, na kuirudisha kila siku ili iandikwe tena?

Kwenye muhtasari mistari hiyo miwili ilikaa sambamba kwa amani, kwa sababu vidokezo vilivyo sambamba havilazimiki kuulizana maswali. Iliposomwa mmoja baada ya mwingine kama sentensi, ikapingana. Mzungumzaji sasa anapaswa kuamua. Anaweza kupendekeza nakala ya nje isafiri usiku kwa mtandao, na hapo gharama inakuwa ya mtandao na hifadhi ya mbali. Anaweza pia kupendekeza nakala ya usiku ibaki ndani na ya nje itoke mara moja kwa wiki, na hapo lazima aseme waziwazi kwamba jengo likiteketea, ofisi itarejea kwenye hali ya Ijumaa iliyopita. Njia zote mbili zinatetewa kwa hoja. Akichagua ya pili, kichwa cha slaidi ya pili kinageuka kuwa «Diski moja itoke jengoni kila Ijumaa», kile cha nne kinabaki kama kilivyo, na lebo tupu inapata sentensi yake hatimaye: «Zinahitajika diski mbili na mtu mmoja». Diski mbili, kwa kuwa moja ikiwa nje nyingine lazima iwe ndani ikisubiri zamu yake; na jina la mtu huyo liandikwe kwenye mwili wa slaidi, kwa herufi kubwa, pamoja na jina la atakayeshika nafasi yake akiwa likizo.

Muhtasari wa awali usitupwe. Usahihishwe ulingane na uamuzi huo mpya, uchapwe kwenye karatasi moja, na wapewe wote waliohudhuria mara tu mazungumzo yanapokwisha, kwa maana huko ndiko ngazi zake zinakosomeka kwa utulivu, na aliyekosa kikao hataelewa slaidi saba zenye sentensi moja moja bila karatasi hiyo.